Vidonge vya kuongeza damu ni vya nani?

Huku Nakivale ni vigumu kupata nyumba isiyokuwa na vile vidonge vya kuongeza damu. Mama mjamzito anapewa kliniki, anameza wiki moja, vinamchafua tumbo, anaviacha. Lakini sisi wakimbizi hatutupi kitu, bana. Vilivyobaki anapewa dada mwenye kizunguzungu, anapewa kijana aliyerudi hoi kutoka kulima shamba la watu, na mtoto mwenye macho meupe anasagiwa nusu kwenye uji. Ukiuliza, unaambiwa, "Si ni vitamini tu? Haidhuru." Ndiyo maana safari hii tumeamua tuandike juu ya kidonge hiki kimoja, vingine tuviache kwanza.

Ndani yake mna madini ya chuma, kwa kawaida miligramu 60, pamoja na asidi ya foliki kidogo sana, miligramu 0.4. Chuma ndicho mwili unachotumia kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Mjamzito anakihitaji kweli kweli. Damu yake inaongezeka ili imlishe mtoto, na mtoto naye anajiwekea akiba ya chuma ya kumfikisha miezi kama sita baada ya kuzaliwa. Maharage na posho peke yake havitoshi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mama zetu wakipewa kidonge kimoja kila siku, wakimeze. Kikichafua tumbo, akimeze usiku baada ya chakula. Asikimeze na chai, maana chai inakishika chuma kisiingie mwilini. Asubiri saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni chuma hicho. Akisahau leo, kesho anameza kimoja, siyo viwili. Akipimwa na kukutwa damu imeshuka chini ya 11, muuguzi anaweza kumwongezea, lakini ni muuguzi, siyo jirani.

Sasa huyu kijana wa shambani. Tangu mgao upungue, wengi wetu tunakula mara moja kwa siku. Kizunguzungu cha njaa hakiponi kwa chuma. Kidonge hakina nguvu ya chakula ndani yake, hata umeze pakiti nzima. Na hata anayekosa damu kweli, si lazima awe amekosa chuma. Malaria inavunja damu. Minyoo ya safura inainyonya. Wenye ugonjwa wa SS damu yao inavunjika yenyewe, na chuma kinabaki humo humo mwilini. Walioongezewa damu mara nyingi wanaweza kuwa nacho kingi mno hadi kikaharibu ini na moyo. Mtu wa SS anapewa asidi ya foliki, lakini chuma hapewi mpaka daktari apime na kuona kinapungua. Tunalisema hili kwa sababu watoto wa SS tunao, na kila mtu anayewaona weupe anataka kuwasaidia kwa vidonge.

Kuna jambo lilitokea Pemba, kule Zanzibar, ambalo wafanyakazi wa afya wanalijua lakini sisi mitaani hatukuwahi kuambiwa. Watafiti waliwapa maelfu ya watoto wa chini ya miaka mitatu chuma na asidi ya foliki kila siku, wote tu, bila kuwapima kwanza. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Lakini Pemba wakati ule malaria ilikuwa nyingi, na mwaka 2003 ilibidi sehemu ya chuma isimamishwe kabla ya wakati. Waliopewa chuma walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, kama asilimia 12 zaidi, na matokeo yakachapishwa 2006. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma na damu walifaidika. Yaani kidonge kile kile kilimsaidia aliyekosa na kumhatarisha aliyekuwa nacho. Tangu hapo, kwenye sehemu zenye malaria, inashauriwa mtoto anayepewa chuma awe pia analindwa na malaria kwa chandarua na kutibiwa mapema. Na mtoto anayekula ile pakiti ya siagi ya karanga ya utapiamlo, chuma kimo tayari ndani. Hapana haja ya kumsagia nusu.

Lakini hatari iliyo karibu kuliko zote ni kopo lenyewe. Vidonge vingi vina sukari juu na rangi kama pipi. Katika kijiji chetu mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikikuta kipakiti cha mama yake chini ya mkeka. Mama alikuwa amepewa 30 na kumeza vitano, kwa hiyo vilitakiwa vibaki 25. Vilikuwepo 17. Mtoto alikuwa na kilo 11 kwenye kadi yake. Tupige hesabu kama alivyopiga mhudumu wa afya: vidonge 8 mara miligramu 60 ni 480, ukigawa kwa kilo 11 unapata karibu 44 kwa kila kilo. Kuanzia 20 kwa kilo, tumbo linaanza kuumia. Kupita 60 mtoto anaweza kufa. Maana yake kwa mtoto wa kilo kumi, vidonge vinne tu ni safari ya hospitali, na kumi ni kifo kinabisha hodi.

Alitapika jioni, mara nyingi, na kuharisha. Usiku akatulia, akalala. Bibi yake akasema, "Amepona, mwacheni mtoto apumzike." Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Sumu ya chuma ina utulivu wake: saa kama sita za mwanzo mtoto anatapika, baadaye anaonekana mzima, na huku chuma kimeshaingia kwenye damu. Siku ya pili inaweza kumwangusha kabisa, apumue haraka, mikono iwe baridi, ini lichoke. Mhudumu alikataa kungoja. Walipanda boda usiku ule ule na kipakiti mkononi, kwa sababu daktari anahitaji kuhesabu. Hawakumtapisha kwa kidole, hawakumpa mkaa, maana mkaa hauushiki chuma. Akapewa rufaa, akawekewa maji ya mshipani, na ipo dawa ya sindano inayokikamata chuma na kukitoa kwa mkojo, kwa wale waliozidiwa. Alirudi baada ya siku nne.

Hivyo sasa tunapotembelea nyumba tunaomba kuona vinapokaa. Mfuko unaning'inizwa juu kwenye boriti, siyo chini ya mkeka, na vilivyobaki baada ya kujifungua mama anamuuliza muuguzi aendelee navyo au avirudishe.

Na yale makopo ambayo mjomba aliyehamishiwa Amerika anatuma, yenye vitamini laini za kutafuna kama jojo, yakae pale pale juu. Mjamzito asiyatumie pamoja na vidonge vya kliniki kabla hajamwonyesha mkunga maandishi ya nyuma. Atafute mstari wa vitamini A hasa. Ile ikizidi 10,000 kwa siku, kwa kipimo kinachoandikwa IU, inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.