Kikombe chenye nta: uaminifu unalipa sokoni au unaangusha?

Mwezi uliopita niliombwa nizungumze redioni na wenzangu tunaouza sokoni hapa Nakivale. Wengi mliniambia betri ziliisha au mlikuwa shambani, basi naandika hapa yale niliyoyasoma.

Ndugu wasikilizaji, mama na baba wa sokoni, jambo leni.

Niliambiwa niseme kama uaminifu katika biashara ndogo unaleta faida au hasara. Ningeweza kujibu haraka kwamba unalipa, halafu nikae. Lakini ninyi mnajua soko. Mimi uaminifu uliniangusha kwanza, na wizi nao ukaniangusha baadaye. Nitawaeleza vyote viwili, pamoja na hesabu yake.

Mwaka 2022 nilikuwa nauza maharage. Gunia la kilo 100 nililinunua shilingi 300,000. Gari, mbebaji na ushuru wa soko vilikula 30,000. Kwa hiyo gunia lilikuwa limenigharimu 330,000 kabla sijauza hata kikombe kimoja. Nilipima kwa kile kikombe cha plastiki cha nusu lita ambacho hapa Uganda wengi wanakiita tampeko. Kikijaa mpaka kilele kinabeba karibu nusu kilo ya maharage. Gunia lilitoa vikombe 200. Kila kikombe 2,000, jumla 400,000. Faida yangu ilikuwa 70,000, na gunia lilikwisha kwa wiki moja. Humo ndimo zilimotoka sabuni, daftari za watoto na mafuta ya taa.

Kisha jirani yangu wa meza akaanza kuuza kikombe 1,900. Kikombe ni kilekile, kilele kilekile. Watu wakahama. Mimi niliyekuwa nauza vikombe karibu 30 kwa siku nikabaki na 10. Kumbe alikuwa ameyeyusha mshumaa akamwaga nta chini ya kikombe, ikaganda. Ukitazama kutoka juu huoni kitu. Kikombe kile kilibeba gramu 450 tu. Piga hesabu: kwangu kilo ilikuwa 4,000, kwake ilizidi 4,200. Wateja walikimbilia bei ndogo na kumbe ndiyo kubwa. Lakini nani ana mizani nyumbani? Hapo ndipo uaminifu unaangusha, wandugu. Kama mnunuzi hana njia ya kuuona, ni sawa na kutokuwa nao. Wiki tatu nilikula mtaji.

Basi na mimi nikanunua mshumaa.

Sitaficha: mwanzoni ililipa. Gunia lililokuwa likitoa vikombe 200 likatoa 222. Vile 22 vya ziada ni shilingi 44,000 zisizo na jasho. Nilibaki na bei yangu ya 2,000, nikawaambia watu maharage yangu ni mazuri zaidi. Faida ikapanda kutoka 70,000 mpaka 114,000 kwa gunia. Nilijiona nimechelewa kuwa mjanja.

Gunia la tatu, akaja mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, mwenye watoto sita. Alitoa kikombe chake kwenye kitenge akasema taratibu: "Mama, mimi sitete na wewe. Nipimie kwa changu tu. Siku hizi sufuria haijai, nilidhani watoto ndio wamekua." Nikapima kwa changu, nikamimina katika chake. Kilele kilitokea kidogo tu, hakikufika pale kilipozoea kufika. Watu walikuwa wamesimama. Hakunitukana. Alilipa, akachukua, akaenda. Ningependa angenitukana.

Baada ya hapo gunia halikumalizika kwa wiki moja tena, lilichukua zaidi ya mbili. Na hapa ndipo hesabu ambayo wezi wa vipimo hatuipigi. Tunahesabu faida ya gunia, hatuhesabu faida ya wiki. Mwaminifu anayemaliza gunia moja kwa wiki anapata 70,000. Mwenye nta akipoteza wateja 4 kati ya 10, anauza sehemu 6 tu za gunia kwa wiki, anapata 68,400. Amekwisha kurudi chini ya mwaminifu, na jina limeharibika. Akipoteza nusu, anapata 57,000. Pesa ndogo inakua kwa kuzunguka. Nta inaongeza vikombe lakini inafunga mzunguko.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Uaminifu unalipa pale mteja anaporudi na pale anapoweza kukupima. Kikikosekana kimoja, usitegemee ukulipe. Siku ya mnada, mtu anayenunua mara moja akapanda gari lake hatakulipa uaminifu wako, na mwizi atamlia bila hasara. Siwezi kuwadanganya kuhusu hilo. Lakini sisi wa humu kambini wateja wetu ni majirani: tunakutana bombani, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya chakula. Hao ndio wanaorudi. Kilichobaki ni kuwapa njia ya kutupima.

Mimi nilifanya hivi. Nilitupa kikombe kile, nikanunua kipya. Nikatafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita, nikaifunga mezani kwa kamba. Anayetaka anajaza maji kwenye chupa mpaka alama ya nusu lita, anamimina kikombeni. Kikombe cha haki kinayapokea yote. Chenye nta, au kilichobonyezwa chini, kinamwaga. Wa kwanza kujaribu walikuwa watoto wakicheza, nao ndio waliopeleka habari nyumbani.

Jambo la pili, maharage yakipanda bei huko tunakonunua, sipunguzi kwa siri. Ninaweka vipimo viwili waziwazi. Cha kilele 2,000. Kilichosawazishwa kwa kijiti, ambacho kina kama gramu 400, ni 1,600. Mwenye pesa kidogo anachagua mwenyewe na hajaibiwa. Jirani yangu aliyeuza 1,900 angeweza kufanya hivyo, asingehitaji mshumaa.

Na jambo la tatu, tusinyunyizie maharage maji ili yavimbe na kujaza kikombe. Mnunuzi anaweza kujua: aume punje moja. Kavu inavunjika kwa mlio, yenye maji inabonyea chini ya jino. Na muuzaji naye ataumia, maana gunia lenye unyevu linapata ukungu kabla halijafika nusu, na hapo unatupa mtaji.

Ilichukua miezi miwili gunia langu kurudi kumalizika kwa wiki moja. Miezi miwili ya kulipia mshumaa mmoja, na mwanangu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Yule mama wa watoto sita alirudi, lakini mpaka leo anakuja na kikombe chake ndani ya kitenge. Simwambii akiache. Namshika mkono, nachukua kikombe chake, nampimia.

Kesho mkifungua meza, kabla mteja wa kwanza hajafika, mwageni maji katika vikombe vyenu muone.