Kosa la Kipeo

Nilipokuwa kidato cha tano wilayani Muleba, mwalimu aliandika ubaoni y = 2^x, akatutaka tutafute kasi ya badiliko lake. Nilijibu bila kusita: x·2^(x−1). Nilikuwa nimeizoea kanuni ya vipeo, ambayo kwayo x³ huzaa 3x². Nikashusha kipeo, nikapunguza moja, nikaketi kwa majivuno.

Mwalimu hakunikaripia. Aliuliza, “Kijana, x ikiwa sifuri, jibu lako linakuwa ngapi?”

“Sifuri, mwalimu.”

“Tuseme y ni eneo la magugumaji ziwani, nayo huongezeka maradufu kila kipindi. Siku tunayoanza kuhesabu, hayakui?”

Nikanyamaza.

Akatuagiza tupime wenyewe. Thamani ya 2^0 ni 1; ya 2^0.01 ni takriban 1.00696. Ongezeko hilo tukiligawanya kwa 0.01, tunapata karibu 0.696. Jibu sahihi, 2^x·ln 2, hutoa takriban 0.693 pale x ilipo sifuri. Langu lilikosea hata zaidi kwa x = −1: lilidai kwamba magugu yanapungua!

Kanuni ya vipeo hufaa pale kizio kinapobadilika na kipeo kikatulia. Hapa kizio kilitulia, kipeo ndicho kilichobadilika.

Leo nasahihisha kazi za wanafunzi wangu mjini Bukoba, na kosa lile lingali hai. Nami huandika pembeni swali lilelile: x ikiwa sifuri, je? Mtumishi atakayeamini jibu langu la Muleba atasubiri magugu yazibe mwalo ndipo aagize mashua.