Sukari isiposhuka, angalia na fizi

Kumsenga, kama ilivyo kwingine Kibondo na Kasulu, jino la mtu mzima likianza kutikisika halimshtui mtu. Watu husema ni umri, au ni wadudu wa meno, na mwenye jino husubiri ling'oke lenyewe au maumivu yazidi ndipo aende kung'olewa. Kisukari nacho kina dalili zake zinazojulikana: kiu, kukojoa mara kwa mara, kidonda cha mguu kisichopona, macho kufifia. Ni wachache wanaofikiri kwamba jino linalotikisika na sukari inayogoma kushuka vinaweza kuwa na uhusiano. Uhusiano huo upo, na unakwenda pande zote mbili.

Tumchukue kwa mfano mama wa miaka 52 wa huko Kumsenga, mkulima wa mahindi na maharage, ambaye aligundulika na kisukari miaka minne iliyopita. Anameza metformini asubuhi na jioni, hakosi kliniki, na chai anakunywa bila sukari. Hata hivyo, kila akipimwa asubuhi kabla ya kula, mashine inaonyesha 10 au 11, wakati watu wengi wenye kisukari hutakiwa kuwa kati ya 4 na 7. Muuguzi anamuuliza, "Mama, dawa unameza kweli? Chakula umepunguza?" Anajibu kwamba ndiyo, na anasema kweli. Hakuna aliyemwomba afungue mdomo. Naye hasemi kwamba fizi zake zinatoka damu mwaka wa pili sasa, kwa sababu kwake hayo si mambo ya kliniki ya sukari.

Ndani ya mdomo wake mambo yalianza polepole. Kila siku bakteria hujenga utando laini juu ya meno, ule unaoitwa ukoga. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha na kuwa ugaga, kitu kigumu cha njano au kahawia kinachong'ang'ania penye mpaka wa jino na ufizi. Ufizi huvimba na kutoka damu. Hapo ugonjwa bado unarudi nyuma meno yakisafishwa vizuri. Ukiachwa, ufizi huanza kuachana na jino na kutengeneza mfuko. Kwenye ufizi mzima, kifaa cha daktari wa meno huzama milimita 1 hadi 3 tu. Kwenye ufizi mgonjwa kinaweza kuzama 5, 6 au zaidi. Ndani ya mfuko huo mswaki haufiki, bakteria wanastawi, na mfupa unaoshikilia jino unaliwa kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna maumivu makali, na ndiyo maana mtu hufika kwa daktari meno yakiwa tayari yanacheza.

Sukari nyingi kwenye damu huharakisha safari hiyo. Huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha fizi, jambo lile lile linalotokea kwenye macho na miguu. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hushindwa kupambana na bakteria inavyotakiwa, na badala yake huongeza uvimbe unaobomoa mfupa. Mate hupungua na mdomo hukauka. Kidonda chochote huchelewa kupona. Kwa sababu hizo, mtu ambaye sukari yake haijadhibitiwa yuko kwenye hatari kubwa ya ugonjwa huu, takriban mara tatu ya mtu asiye na kisukari. Mwaka 1993 mtaalamu wa fizi Harald Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa madhara ya sita ya kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona.

Upande wa pili ndio unaosahaulika. Mtu akiwa na mifuko kuzunguka meno mengi, kwa ndani ana kidonda ambacho kingetandazwa kingeweza kukaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Kingekuwa mguuni, familia nzima ingehangaika. Kwa kuwa kiko chini ya fizi, kinakaa miaka. Kidonda hicho huutia mwili hali ya vita isiyokwisha, na kemikali za uvimbe zinazotengenezwa pale huingia kwenye damu na kusambaa. Kazi ya insulini ni kufungua chembe za mwili ili sukari itoke kwenye damu na kuingia ndani. Kemikali hizo huizuia: ufunguo upo, lakini kufuli limeingia kutu. Sukari inabaki kwenye damu, inazidi kuharibu fizi, na fizi zinazidi kuzuia insulini.

Kwa mama wa mfano wetu kuna na jambo la tatu, la jikoni. Meno ya mbele yanatikisika, ya nyuma yanauma akitafuna. Nyama ameacha, na mboga za majani hazipendi tena kwa sababu zinakwama kwenye meno. Kinachobaki ni uji, mkate uliochovywa kwenye chai na ndizi zilizoiva sana. Vyote ni laini, na vyote vinapandisha sukari haraka. Anapoambiwa apunguze wanga, anaambiwa aache chakula pekee anachoweza kutafuna.

Matibabu ya fizi hayaanzi na kung'oa. Zahanati nyingi hazina kiti cha meno, kwa hiyo huyu mama atalazimika kwenda hospitali ya wilaya mjini Kibondo au kituo kingine chenye daktari au tabibu wa meno. Huko ugaga hukwanguliwa juu na chini ya ufizi, jino kwa jino, mara nyingi kwa ganzi, na kazi yaweza kugawanywa kwa siku mbili au zaidi. Jino lililopoteza mfupa karibu wote litang'olewa, lakini mengi yanayotikisika kidogo huweza kukaza baada ya uvimbe kuisha. Baada ya wiki chache fizi hunywea, meno huonekana marefu na hupata ganzi ya maji ya baridi. Wagonjwa wengine hudhani wameharibiwa meno. Kumbe ni uvimbe ulioondoka.

Dawa za antibayotiki peke yake hazimalizi kazi. Mtu hununua vidonge dukani, damu inapungua kwa wiki mbili, kisha inarudi, kwa sababu ugaga bado uko palepale na bakteria wamejificha ndani yake. Maji ya chumvi hupoza, lakini hayang'oi ugaga.

Sasa sukari itashuka kiasi gani? Kipimo kizuri cha kuangalia ni kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi ya maabara. Kwa watu wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio 35 yenye watu zaidi ya 3,000 wenye kisukari na ugonjwa wa fizi, wakaona kwamba baada ya kusafishwa fizi, kipimo hicho kilishuka kwa wastani wa 0.4 katika miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo kama huyu mama alianza na 9.2, anaweza kutarajia kitu kama 8.8. Bado hajafika, na metformini hawezi kuacha. Lakini kushuka huko kumepatikana bila kuongezewa kidonge, na sasa anaweza kurudi kwenye mboga na nyama, jambo ambalo nalo lina mchango wake.

Si kila mtu hupata matokeo hayo. Jaribio moja kubwa la Marekani la mwaka 2013 halikuona sukari ikishuka kabisa. Wataalamu wa fizi walilikosoa wakisema midomo ya wagonjwa wengi ilibaki na ukoga na damu hata baada ya matibabu. Kwa mgonjwa wa kawaida hilo lina maana moja: kusafishwa mara moja hospitalini, kisha kurudi nyumbani bila kupiga mswaki vizuri, hakubadilishi sukari.

Nyumbani, kosa la kawaida ni kuacha kupiga mswaki kwa sababu unatoa damu. Damu ni alama ya ukoga uliobaki hapo, na kuacha kunaongeza ukoga. Mswaki uwe laini, ulazwe kwa kuinama kuelekea mpaka wa jino na ufizi, usogezwe taratibu kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Katikati ya meno pasafishwe kwa uzi wa meno au kimswaki chembamba. Mwenye kuvuta au kutafuna tumbaku ajue kwamba fizi za mvutaji hutoa damu kidogo hata zikiwa zinaoza, kwa hiyo asijipime kwa damu peke yake.

Siku ya kwenda kwa daktari wa meno, mwenye kisukari aende asubuhi, akiwa amekula na kumeza dawa kama kawaida, na atamke mapema: "Daktari, mimi nina sukari." Anayejichoma insulini kisha akakaa na njaa kwenye foleni anaweza kushukiwa na sukari hadi akatetemeka na kutoka jasho. Abebe kitu kitamu mfukoni. Nyumbani, kama meno yanamzuia kula, asipige kipimo kile kile cha insulini kwa mazoea bila kuwauliza wahudumu wake. Taya likivimba, homa ikipanda, au kumeza na kufungua mdomo kukiwa shida, hilo si la kusubiri siku ya kliniki. Ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Njia hii hupitika pia kwa kurudi nyuma. Mtu mzima ambaye hajawahi kupimwa sukari, lakini anapata majipu ya fizi yanayojirudia au meno kadhaa yanalegea kwa muda mfupi, aombe kupimwa. Wapo wanaogundulika na kisukari wakiwa wamefuata jino.

Na kwa mwenye mzazi anayehudhuria kliniki ya sukari, yapo maswali manne ya kumuuliza jioni moja, hata kwa simu: Ukipiga mswaki unatoa damu? Kuna jino linalotikisika? Kuna ladha mbaya au usaha mdomoni? Kuna chakula ulichoacha kwa sababu ya meno? Jibu la ndiyo kwa lolote lipelekwe kliniki pamoja na daftari la sukari, na aombewe rufaa ya meno.