Visigino vyetu wakati wa kiangazi

Mama wenzetu, hapa Kasulo baridi ya mwezi wa sita ikishaingia, vumbi jekundu linapanda na visigino vyetu vinaanza kupasuka. Sisi tunaoosha mawe mtoni tunashangaa: miguu inashinda majini, mbona inakauka? Ngozi ya nyayo haina vitundu vya kutoa mafuta kama ngozi ya uso. Maji na sabuni vinaondoa unyevu wake, upepo unamaliza. Kisigino kinakuwa kigumu, na tukisimama na mzigo kinatanuka pembeni. Kwa kuwa hakivutiki tena, kinapasuka.

Kwa hiyo kila jioni tunafanya hivi. Tunaweka miguu katika beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi, si zaidi. Tunasugua ukingo mgumu polepole kwa jiwe la kusugulia miguu, bila kugusa ufa wenyewe. Wembe hatutumii, maana unakata hadi ngozi nzima. Tunafuta maji kwa kitambaa, kisha mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevu, tunapaka vazelini. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia ndani. Ndiyo maana ukipaka juu ya ngozi kavu hufaidiki sana. Halafu tunavaa soksi za pamba na kulala. Mchana tunavaa viatu vinavyofunika kisigino.

Ufa ukiwa na kina na kutoa damu, hatuusugui. Tunauosha kwa maji safi na sabuni, tunapaka vazelini na kuufunika kwa kitambaa safi, na hatuuingizi katika maji ya mto mpaka ufunge.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa na ufa kama huo mguu wa kulia. Siku mbili ulimuuma akikanyaga tu. Siku ya tatu ulimuuma hata amelala, ukidunda. Kisigino kilikuwa na moto, wekundu ulipanda kuelekea kifundo, na usaha ukatoka. Jirani alimshauri afungue kidonge cha antibiotiki na kunyunyiza unga wake juu. Tulikataa: unga ule hauufikii ugonjwa uliokwisha kuingia chini ya ngozi. Tulimpeleka kituo cha afya siku ileile. Munganga alisafisha kidonda, akampa dawa ya kumeza, akauliza juu ya shindano la tetanosi. Baada ya juma moja uvimbe ulikuwa umekwisha.

Tofauti ni hiyo: ufa wa kawaida unauma ukikanyagwa. Ukiuma umepumzika, ukivimba, ukinuka, au ukipata homa, mstari mwekundu mguuni au tezi kinenani, nenda kituoni siku hiyohiyo. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje maumivu, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa haisikii. Yeye atazame visigino kila jioni, na ufa wowote wenye kina auonyeshe kwa munganga mapema.