Tusi Lisilotamkwa: Tuliyoyaona Katika Darasa la Nne

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati baridi ya Iringa inapowafanya watoto waingie darasani wamekunja mikono kwapani. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la nne katika shule moja ya msingi ya Mlandege, tukimkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa vimilikishi vinavyoungana na majina ya jamaa. Andalio la somo halikuwa na kasoro, maana tulikuwa tumelipitia na kulitia sahihi sisi wenyewe. Mwanachuo akaandika ubaoni: babangu, babako, babake. Darasa likasoma kwa pamoja. Akashuka mstari wa pili: mamangu. Darasa likasoma. Akaandika: mamako.

Hapo darasa halikusoma. Wengine waliziba vinywa kwa madaftari, wengine wakainamisha vichwa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, karibu kabisa na kiti chetu, akamgeukia jirani yake na kulisoma neno lile kama lilivyoandikwa, ila alilikata ghafla mwishoni. Jirani akampiga ngumi ya shavu.

"Mwalimu, kanitukania mama," alisema aliyepiga.

"Amesema nini?"

Mtoto akanyamaza. Mwenzake akajitetea upesi: "Nimesoma ubaoni, mwalimu." Naye alikuwa akisema kweli. Mwanachuo akafuta *mamako*, akaandika *mama yako*, akawaambia watoto watumie hilo, ndilo la adabu. Wakati wa mapumziko tulipita karibu na bomba la maji tukayasikia yale yale: "Mama yako!" Neno lilikuwa limerefushwa, na uchungu wake haukupungua hata kidogo.

Wanachuo wengi hudhani tusi hukaa ndani ya neno, kwa hiyo neno likibadilishwa tusi huondoka. Tulitazame hili la mama. Tusi lenyewe kamili lina sehemu mbili: kiungo cha mwili kisichotajwa hadharani, na mama mwenye kiungo hicho. Mtu anayetaka kutukana pasipo kuonekana ametukana huacha sehemu ya kwanza, akatamka ya pili peke yake. Sehemu iliyobaki haina ubaya wowote, na hakuna mwalimu awezaye kumwadhibu mtu kwa kutaja mama. Lakini msikilizaji analijua tusi lote, naye huijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa akili yake mwenyewe. Pengine ndiyo sababu huumia zaidi: ni kana kwamba amelazimishwa kujitukana. Hata jina tunaloyaita maneno ya aina hii, *matusi ya nguoni*, limeundwa vivyo hivyo. Tumetaja nguo, tukaacha kutaja kilichomo, na kila mtu ameelewa.

Sasa tulinganishe sentensi mbili. "Mamako anakuita." Hakuna mtoto wa Mlandege atakayerusha ngumi kwa sentensi hiyo, atakimbia nyumbani. "Mamako!" Hapo vita huanza. Tofauti yake ni kwamba sentensi ya kwanza ina kiarifa na ya pili haina. Kiarifa kikiwapo, nafasi imekwisha jazwa, na msikilizaji hana cha kuongeza. Kisipokuwapo, atakitafuta, na katika kugombana atapata kile kile kimoja. Mwanachuo wetu alikuwa ameandika ubaoni neno tupu, lisilo na kiarifa, mbele ya watoto wa miaka kumi. Nasi tulilipitisha.

Hata hivyo dawa hii ya kiarifa ina mpaka wake. Zamani Waswahili walisema *nina* kwa mama, na *nyoko* kwa mama yako. Ni maneno ya ukoo kama mengine. Leo jaribu kumwambia mtu, "Nyoko anakuita." Kiarifa kipo, sentensi imetimia, na bado utapigwa. Neno hili lilibeba sehemu iliyoachwa kwa muda mrefu mno, hata ikalowana nalo, nasi tukahamia kwenye *mama yako*, ambalo nalo twaliona likielekea huko huko. Si Kiswahili pekee. Katika Kiganda *nnyoko* ni mama yako, nalo limekuwa tusi. Mwenye adabu husema *maama wo*. Kizulu nacho kina *unyoko*, na siku hizi wenye heshima huliepuka.

Kwa hiyo mwalimu anapoletewa shauri la namna hii yampasa kwanza ajue neno limefika hatua gani. Kama bado ni la kujazwa tu, laweza kuokolewa kwa kulirudisha katika sentensi nzima. Kama limekwisha lowa, kulifafanua hakusaidii.

Tungependa kuishia kwa watoto, lakini haki yatutaka tujitaje. Tuna neno *hamnazo*. Ndani yake akili haikutajwa kabisa. Kilichobaki ni kile *-zo* cha upatanisho, na kinatosha. Mtu huambiwa hamnazo, naye hahitaji kuuliza ni kitu gani kisichomo. Sisi tulipoanza kufundisha hatukulitumia neno hilo, wala hatukusema *mjinga*, kwa kuwa tulikatazwa chuoni. Tulikuwa na mvulana aliyechelewa kusoma, nasi tukasema mbele ya darasa kwamba tumsubiri, yeye ni mzito kidogo. Tulijiona wapole. Kabla muhula haujaisha watoto walikuwa wakimwita Mzito, wakimsalimu "Hujambo, Mzito" kwa heshima zote. Alikuwa mwembamba kama ufito wa mwanzi, hivyo uzito huo haukuweza kuwa wa mwili. Kila alipoitwa, darasa lilijaza lenyewe kwamba ni wa kichwa. Hatukuweza kumwadhibu yeyote, maana neno lilikuwa letu. Mvulana aliacha kunyosha mkono, na mwaka uliofuata hakurudi shuleni. Twaweza kutaja sababu nyingine za kutorudi kwake, na nyumbani kwao zilikuwapo. Hatujawahi kuzitaja kwa moyo mweupe.

Turudi Mlandege. Jioni ile tuliketi na mwanachuo tukaliandaa somo upya. Tulikubaliana kwamba yule aliyetukanwa asilazimishwe kulirudia tusi mbele ya wenzake, kwani kulirudia ni kutukanwa mara ya pili kwa amri ya mwalimu. Badala ya "Amesema nini?" aulizwe faraghani, "Alitaka uelewe nini?" Na yule aliyesema asiachiwe ngao ya "nimesema mama tu"; aambiwe aimalize sentensi yake. Kijana wa dawati la nyuma alipoambiwa hivyo kesho yake, ofisini na si darasani, alitazama sakafu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mamako... hajambo?"

Somo lilianza na *mwenzangu, mwenzako, mwenzake*, kisha *babangu*. *Mamako* hatukuliruka, kwa sababu neno linalorukwa na mwalimu huthibitishwa kuwa tusi. Liliandikwa ndani ya sentensi: "Mamako amekwenda sokoni." Watoto wakaandika, wakasoma, na hakuna aliyeziba kinywa. Tukaanza kuweka alama nzuri katika fomu yetu ya ukaguzi. Ndipo msichana mmoja wa mbele akanyosha mkono na kuuliza, kwa unyofu mtupu, kama *nyoko* nalo lingeweza kuandikwa hivyo, kwani bibi yake wa Pangani hulitumia katika hadithi.

Mwanachuo alitutazama. Kisha akasema, "Hilo halimo katika somo la leo," akageuka kufuta ubao. Katika fomu tuliandika kwamba jibu halikuridhisha. Chini yake, kwenye nafasi ya kuonyesha jibu lililofaa, hatukuandika kitu.