Kopo la mama

Siku ya mnada, mama aliamka alfajiri kupakia karanga. Alipeleka mkono pembeni mwa gunia, mahali ambapo kopo la kupimia hukaa siku zote, akakuta patupu. Akamwamsha mtoto wake wa kiume, mwenye miaka kumi. Mtoto akatoka na kopo mikononi, kichwa chini.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lisilo na kifuniko. Mama alikuwa amepimia karanga kwa kopo hilo kwa miaka minne, na wateja wake katika mnada ule wa Dodoma walilijua kama wanavyoijua sura yake. Sasa lilikuwa na tundu la msumari katikati ya kitako. Waya ulitokeza tunduni ukaenda kufungwa kwenye mti wenye urefu wa mkono. Kibaya zaidi, kitako chenyewe kilikuwa kimevutwa na kutuna kwa nje.

"Hiki ni nini, baba?"

"Zeze, mama."

Mama aliukata ule waya, akaligeuza kopo, akakiangalia kitako kwa muda mrefu. "Kikibaki hivi, kopo litameza karanga zaidi na nitapunjika mimi. Nikikigonga kirudi ndani, watapunjika wateja, na wataniita mwizi." Akaliweka chini. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Hili ningekataa. Ningekupa lile la rangi lililoko nyuma ya banda."

Siku hiyo alipimia kwa kopo la kuazima. Jioni, hukumu ikatoka: mtoto alikuwa na kuku wake mmoja, mtetea mweusi. Mayai yake yangeuzwa mpaka ipatikane bei ya kopo jipya, tena la ukubwa uleule. Mtoto hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba lile lililoharibika abaki nalo.

Babu yake alikuwa amekaa chini ya mbuyu akisikiliza yote. Ujana wake alikuwa akipiga zeze kwenye ngoma za Wagogo, zeze halisi la kibuyu kilichowambwa ngozi. Alimfahamu vizuri Hukwe Zawose kwa kumsikia redioni, yule mtu wa Dodoma aliyelifikisha zeze la kwao ng'ambo, akafariki 2003. Lakini la kwake babu lilikwisha kuliwa na mchwa zamani.

"Lilete nilione," akasema. Akakigonga kitako kwa kucha. "Ulipokaza waya, sauti ilikaa?"

"Hapana, babu. Nikikaza inapanda, halafu inashuka yenyewe."

"Kwa sababu umelifanya kopo libebe mzigo. Bati halibebi mzigo, mti ndio hubeba. Kazi ya bati ni kusema tu."

Ndipo mtoto akaanza upya. Kwa msumari na jiwe, alitoboa matundu mawili ubavuni mwa kopo, moja likitazamana na jingine, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kitako. Akauchonga mti ukapita tundu hili na kutokea lile, ukabaki umechomoza kidogo upande wa chini. Waya akaufunga kwenye kile kichomozo cha mti, ukapita juu ya kitako bila kufungwa popote kwenye bati, ukaenda hadi juu ya mti. Kule juu alitoboa tundu kwa msumari wa moto, akachomeka kijiti cha kukazia kilichochongwa kikawa chembamba mbele na kinene nyuma, ili kadiri kinavyosukumwa ndani kizidi kubana.

Akakaza, akagusa waya. Sauti ikatoka ndogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Babu akaokota kipande cha mti kisichozidi kidole gumba, akakisimamisha juu ya kitako, chini ya waya, kando kidogo ya lile tundu la msumari. "Hili ni daraja. Waya ukitikisika peke yake hewani, hakuna anayeusikia. Ukikanyaga daraja, daraja linakanyaga bati, bati linaita." Mtoto akagusa tena. Safari hii hata kuku waligeuka.

Lakini baada ya muda mfupi sauti ikaanza kushuka tena, ingawa kitako hakikutuna. Babu akataka kuuona waya. Ulikuwa waya mlaini wa kufungia nondo, ule unaokunjika kwa vidole. "Huu unarefuka kama ubani mdomoni. Nenda kwa fundi baiskeli, umwombe waya wa breki uliokatika. Safari hii, uombe."

Fundi alimpa bure, kipande kirefu kuliko mti wake. Waya wa breki ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, na mtoto alihitaji moja tu. Wa kwanza aliuvuta kwa pupa, ukajikunja kona, na alipoukaza ukakatikia pale pale kwenye kona. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliufumua polepole, akiuzungusha kufuata ulivyosokotwa, huku mdogo wake akishika ncha ya pili. Ukatoka ukiwa umenyooka. Kijiti cha kukazia kilipoanza kuteleza, alikipaka vumbi la chaki, kikashika.

Uzi ule wa chuma ulilia vikali na ukakaa. Mtoto akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Kutoka kwenye daraja hadi kwenye kijiti palikuwa na sentimita 48 kwa rula ya shule. Alipobana uzi kwa kidole katikati kabisa, kwenye 24, ilitoka sauti ileile lakini ya juu, kama mtoto akiimba pamoja na mtu mzima. Akaweka alama ya mkaa hapo kwenye mti.

"Bado upinde," babu akasema. "Zeze husuguliwa. Hilo sasa hivi unalidonoa tu." Lakini aliachia hapo. Upinde ungesubiri.

Jioni moja mama alikuwa akichambua karanga, akiimba chinichini kama afanyavyo akichoka. Mtoto alikaa nyuma ya banda akisikiliza. Kulikuwa na sauti moja ambayo wimbo ulikuwa ukiirudia kila mwisho wa mstari. Akakizungusha kijiti taratibu, akigusa uzi, akizungusha tena, mpaka sauti ya uzi na ile ya mama zikawa moja. Mstari uliofuata ulipofika mwisho wake, alidonoa.

Mama akanyamaza. Mtoto naye akanyamaza, akiwa na hakika kwamba amekosea tena.

"Mbona umeacha?" mama akauliza kutoka ndani. Kisha akaanza upya, kutoka mwanzo.

Mayai yalichukua wiki saba. Kopo jipya lilipofika mnadani, mama alimimina karanga za lile la kuazima ndani yake mbele ya wateja, ili waone kuwa zinajaa sawasawa. Bibi mmoja, mteja wa miaka mingi, bado alilitazama kwa wasiwasi.

"Lile la zamani lilikwenda wapi?"

"Limepata kazi nyingine," mama akajibu, akimwongezea karanga za juu.