Kocha wa Mao na Dakika Zake Nne

Kuna kocha mmoja hapa mjini Unguja, jina lake libaki kapuni, ambaye ikifika mapumziko vijana wake hawaingii chumbani kusikiliza hotuba. Wanaingia kunywa maji. Yeye husimama mlangoni, mikono nyuma, mdomo kaufunga, kama mtu aliyekuja kudai deni akakuta kuna msiba.

Siku inayozungumzwa ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, Uwanja wa Mao Zedong, saa kumi jioni, jua bado linachoma. Timu yake ilihitaji pointi moja tu ibaki daraja lake. Wapinzani walitoka kaskazini ya kisiwa, wapo juu kwenye msimamo, hawana presha yoyote. Mpaka filimbi ya mapumziko ubao unasoma 1-0 kwa wageni, na jukwaani kuna wazee washaanza kukunja mikeka yao.

Kitu ambacho jukwaani hakuna aliyekijua ni kwamba asubuhi ile mwalimu alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkubwa mmoja wa timu. Maneno machache tu: timu ikishuka, na wewe basi. Akausoma, akaitia simu mfukoni, akaenda kununua maji ya vijana.

Sasa twende kwenye hesabu, maana watu wengi wanadhani mapumziko ni marefu. Sheria inasema yasizidi dakika 15. Toa mbili za kutoka uwanjani mpaka chumbani, maana wachezaji waliofungwa hutembea kama wanakwenda kunyolewa. Toa mbili za kurudi, waamuzi hawasubiri mtu. Zinabaki kumi na moja. Katika hizo, tatu nne za mwanzo hazifai kwa maneno kabisa: mtu anahema, moyo unamwenda mbio, mwengine anafunga bandeji, mwengine anamtukana mwenzake kwa pasi mbovu. Ukisema jambo la maana hapo umelimwaga. Na za mwisho kuna wa kwenda haja, wa kubadilisha kiatu, wa kuomba dua. Muda ambao kichwa cha mchezaji kipo wazi kweli hauzidi dakika nne.

Mwalimu huyu hakuzaliwa anajua hayo. Miaka ya nyuma alikuwa mzungumzaji hasa. Alikuwa anaingia na daftari, anasoma kasoro moja baada ya moja, ya saba, ya nane, halafu anamalizia kwa kufoka mpaka mate yanaruka. Siku moja aliwafokea hivyo, vijana wakatoka macho mekundu, na haikutimia dakika ya nne ya kipindi cha pili kiungo wake kamkata mtu mguu, kadi nyekundu. Jioni ile akamuuliza yule kijana: nilikwambia ufanye nini? Kijana akafikiri, akajibu: "Ulisema tupambane, mwalimu." Daftari zima, kasoro nane, kilichobaki ni neno moja. Na hilo neno ndilo lililompa kadi.

Kilichomgeuza zaidi ni Desemba 2017, Chalenji ya CECAFA kule Kenya. Zanzibar Heroes ya Hemed Suleiman "Morocco" ilicheza na ndugu zao wa Bara pale Machakos. Mapumziko Bara wanaongoza 1-0. Kipindi cha pili Heroes wakarudi kama watu wengine, wakashinda 2-1, na safari ile ikawafikisha fainali, wakatoka 2-2 na Kenya na kukosa kombe kwa penalti. Mji mzima ulijaa hadithi. Barazani Jaws Corner, kahawa mkononi, kila mtu alikuwa na lake kuhusu Morocco aliwaambia nini vijana mapumziko. Hakuna hata mmoja aliyekuwemo chumbani! Lakini mwalimu wetu alikaa siku tatu anasikiliza, akagundua kitu. Hadithi ndefu zilikufa palepale barazani. Zilizozunguka mpaka Darajani na kurudi ni zile zenye sentensi moja au mbili, hata kama ni za uongo. Akasema moyoni, kama mtu mzima aliyekaa na kahawa yake anabeba sentensi mbili tu, huyu kijana anayehema atabeba nane vipi?

Tangu siku hiyo, mambo mawili. La tatu akiliona, analimeza.

Turudi Mao. Goli lile liliingiaje? Kipa wa wageni alipiga mpira mrefu kumtafuta straika wao, kijana mrefu kama mnazi. Mabeki wa kati wa mwalimu wote wawili wakaruka naye. Mpira ukagusa kichwa, ukaanguka nyuma yao, na pale nyuma hapakuwa na mtu ila mshambuliaji mwengine wa wageni na kipa. Kwisha. Aliyelaumiwa ni beki mdogo, miaka kumi na tisa, maana yeye ndiye aliyekuwa mbali na mtu wake. Chumbani alikaa pembeni kajifunika jezi usoni. Nahodha alikuwa anamrushia maneno.

Mwalimu aliacha dakika zipite. Wanywe. Wahemee. Msaidizi wake akamnong'oneza alichokiona kutoka upande wa pili wa uwanja, yeye akaitikia kwa kichwa. Halafu akaenda kukaa chini, sakafuni, mbele ya yule beki mdogo. Wote wakanyamaza wenyewe.

"Goli lile ni langu," akasema. "Nahodha, usimguse mwenzio. Mimi ndiye niliyewaambia wiki nzima mumrukie yule mrefu. Wamenisikiliza wakaruka wote. Sasa nani mkosa?"

Hakuna aliyejibu.

"Mimi nshazeeka kwenye mpira huu, wanangu. Nshashuka daraja na nshapanda. Lakini sijawahi kuwaonea haya watu niliokuja nao, na leo sianzi. Huyu akilia, tunalia sote. Akicheka, tunacheka sote. Toa jezi usoni, mwanangu, nikuone."

Kijana akaitoa. Macho yanaelea, lakini akaitoa.

Hapo ndipo makocha wengi wanapokosea mpangilio. Wanaanza na mbinu, wanamalizia na moto, na moto unaunguza mbinu zote. Mwalimu anaanza na la moyoni, fupi, halafu anaacha sauti ishuke, ndipo anatoa yale mawili. Anataka wakivuka mlango, la mwisho masikioni liwe la kazi.

"La kwanza. Mpira mrefu ukija: mmoja aruke, mmoja abaki. Anayeuona vizuri ndiye anayeruka, apige kelele 'wangu!' Mwengine arudi nyuma hatua tano, asubiri kitakachoanguka. Semeni."

"Mmoja aruke, mmoja abaki!"

"La pili. Beki tatu wao."

Mtu akacheka, maana kwa lugha ya mtaani beki tatu ni dada wa kazi za ndani. Mwalimu naye akatabasamu, akaacha kicheko kipite. Kicheko mapumziko ukiwa umefungwa ni dawa, tena hakinunuliwi.

"Beki tatu wao anapanda kila shambulizi, harudi. Kule nyuma yake kuna uwanja mtupu unaweza kukodisha kwa harusi. Tukinyang'anya mpira, pasi ya kwanza: nyuma ya tatu. Usiangalie, usifikiri. Nyuma ya tatu. Semeni."

"Nyuma ya tatu!"

Basi. Hakuuliza kama wameelewa, maana ukiwauliza wachezaji wameelewa, wote wataitikia ndiyo. Alimnyooshea kidole kipa: la kwanza ni lipi? Kipa akasema. Akamnyooshea winga wa akiba ambaye hata hakuwa anaingia: la pili? Akasema. Dakika zilizotumika, tangu kukaa sakafuni, hazikufika nne.

Lakini la pili lina bei yake, na mwalimu aliijua. Ili namba saba awepo kule mbele kupokea, lazima aache kumfuata yule beki tatu anapopanda. Maana yake beki mbili wake mwenyewe atajikuta anakabiliana na watu wawili. Hilo hakulisema mbele ya wote, lingekuwa la tatu. Walipokuwa wanatoka alimshika bega namba nane peke yake: "Saba hashuki. Weye ndiye unayeziba kule kulia." Mtu mmoja, kazi moja. Namba saba naye akaambiwa asivuke mstari wa kati kurudi nyuma, liwalo na liwe.

Kipindi cha pili kilipoanza hakuangalia mpira. Dakika tano za mwanzo alimwangalia namba saba amesimama wapi, na mabeki wa kati wanaruka vipi. Hapo ndipo kocha anajua kama maneno yameingia au yamebaki chumbani na chupa tupu. Mpira mrefu wa kwanza ulipokuja, nahodha aliruka, beki mdogo akabaki. Ukaanguka miguuni kwake, akautoa. Kitu kidogo, jukwaani hata hawakupiga makofi. Mwalimu akakaa kwenye benchi.

Kwa dakika ishirini hivi hali ilikuwa ngumu. Kulia kule namba nane alikimbia mpaka akashika kiuno, na krosi mbili zilipita mbele ya goli zikiwa hazina mwenyewe. Ingeingia moja, leo tungekuwa tunamcheka mwalimu. Mpira ndivyo ulivyo. Halafu beki mdogo akabaki tena, akanasa mpira ulioanguka, na bila kuangalia akaupiga kule. Nyuma ya tatu. Namba saba alikuwa ashaanza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Krosi ya chini, straika akatia mguu, 1-1.

Ikabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Wazee wakaikunjua mikeka tena, ingawa mechi ishakwisha. Beki mdogo alibebwa juu juu, na nahodha ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba.

Mwalimu alikutwa Forodhani usiku ule, anakula urojo peke yake, simu iko mezani imegeuzwa uso chini. Vijana wake wawili wakapita, wakamsalimia shikamoo mwalimu, akawaitikia marahaba. Mmoja akamwuliza kwa utani: mwalimu, la kwanza ni lipi? Akajibu mdomo umejaa: kuleni kwanza.

Ile simu iliita mara mbili. Hakuipokea mpaka alipomaliza bakuli.

Wadau mnaomjua, msimtaje kwenye maoni. Mwacheni ale urojo wake.